Ndege Inapoambiwa Isubiri

Ndege imeshaanza kushuka, mhudumu amekwisha pita akikagua mikanda, nawe umeshavaa viatu. Kumbe bado. Bawa la kulia linainama, linanyooka, kisha linainama tena upande uleule. Jua lililokuwa dirisha la kushoto limehamia la kulia, na baada ya dakika mbili tatu limerudi lilikotoka. Mawingu yakipasuka unauona chini mto uleule uliouona mwanzo. Hapo ndipo abiria huanza kutazamana, na hakosi mmoja wa kunong'ona kwamba rubani kapotea njia.

Hajapotea. Anachofanya ni kazi yenye vipimo: anazunguka kwenye njia iliyochorwa, kwa mwendo uliowekewa kikomo, kwa mwinuko aliopewa yeye peke yake, huku saa ikihesabu. Waongoza ndege wamemwambia asubiri, na kwa kuwa ndege haiwezi kusimama hewani, kusubiri kwake ni kuzunguka.

Sababu za kusubirishwa ni nyingi, lakini nyingi zinarudi kwenye jambo moja: barabara ya kutulia haipatikani kwa dakika hizo. Ukungu umefunika kiwanja na unatarajiwa kuinuka. Radi imekaa juu ya njia ya kutulia na itapita. Ndege nyingine imepasuka gurudumu ikiwa katikati ya barabara, na katika kiwanja chenye barabara moja, kama Jomo Kenyatta pale Nairobi, hilo linatosha kuzisimamisha zote. Au ndege zimefika nyingi kwa pamoja kuliko uwezo wa kiwanja. Mara nyingine rubani mwenyewe ndiye anayeomba nafasi ya kusubiri, kwa mfano taa ya magurudumu ikikataa kuwaka naye anataka dakika kumi za kusoma kitabu cha maelekezo kwa utulivu.

Uwanja wa Heathrow, London, umeufanya mzunguko huu kuwa sehemu ya kazi ya kila siku. Ndege zinazouendea hupangwa katika sehemu nne, Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin, na katika kila sehemu zinaweza kuzunguka kadhaa, moja juu ya nyingine, zikiachana futi 1,000. Ya chini kabisa ikiitwa kwenda kutua, iliyo juu yake inashushwa futi 1,000 kuchukua nafasi hiyo, na inayofuata vivyo hivyo. Anayeingia huingia kwa juu. Kwa hiyo ukiona ndege yako inazunguka na kushuka kidogo kidogo, foleni inasogea.

Njia yenyewe ina umbo la uwanja wa riadha: mistari miwili iliyonyooka na sambamba, iliyounganishwa na nusu duara kila mwisho. Kila kitu kinapimwa kutoka sehemu moja tu, ambayo nitaiita alama. Inaweza kuwa kituo cha redio kilichojengwa ardhini, au nukta tupu kwenye ramani iliyopewa jina la herufi tano ambalo kompyuta ya ndege inalijua. Mmoja wa mistari ile miwili huishia juu ya alama. Huo tuuite upande wa kuingia. Ukivuka alama unakata kona, unarudi nyuma kwa mstari wa pili, upande wa kutoka, kisha unakata kona tena na kuingia. Kona kwa kawaida ni za kulia. Ikiwa kuna mlima au njia ya ndege nyingine upande huo, ramani itasema kushoto, na mwongoza ndege naye atasema wazi.

Kwa ndege ndogo hesabu ni rahisi. Inageuka digrii tatu kila sekunde, kwa hiyo nusu duara huchukua dakika moja. Mistari iliyonyooka nayo ni dakika moja moja, ikiwa ndege haijazidi futi 14,000. Juu ya hapo ni dakika moja na nusu. Mzunguko mzima, basi, ni dakika nne. Ndege kubwa huzidi hapo, kwa kuwa kugeuka digrii tatu kila sekunde kwa mwendo wao kungeilaza ndege mno na chai kumwagikia abiria. Zenyewe hulala digrii 25 na kukubali kona pana zaidi.

Upana wa kona ndio unaotawala mambo yote yanayofuata. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ndege ikilala vilevile, duara la kona huwa pana mara nne. Ndiyo maana kuna kikomo: hadi futi 14,000, kanuni za kimataifa zinairuhusu ndege kubwa isizidi noti 230, yaani kama kilomita 425 kwa saa kwenye kipimo cha mwendo. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo kwenye futi 8,000 mwendo halisi utafika kama kilomita 480 kwa saa. Kwa mwendo huo, dakika moja ni kilomita 8, na ndege iliyolala digrii 25 hukata kona yenye upana wa karibu kilomita 8 pia. Uwanja wetu wa riadha una urefu wa kilomita 16. Ndege ndogo ya mafunzo inayokwenda noti 90 inauzunguka uleule katika eneo lisilofika urefu wa kilomita 5, na upana usiofika kilomita 2.

Wachoraji wa ramani hawachori mstari peke yake. Kuuzunguka wanaweka eneo la ulinzi, ambalo ndani yake wamehakikisha hakuna mlima, mnara wala njia ya ndege nyingine kwenye mwinuko ule. Eneo hilo ni pana zaidi upande wa zile kona, na jembamba upande wa pili wa mstari wa kuingia. Rubani akiwa ndani ya mawingu haoni chochote, na usalama wake unategemea kubaki ndani ya eneo hilo. Sasa swali linakuja lenyewe. Ndege inaweza kuifikia alama ikitokea pembe yoyote ya dunia, wakati uwanja wa riadha umekaa upande mmoja tu. Ataingiaje bila kutoka nje ya ulinzi?

Chukua karatasi, maana jambo hili halieleweki kwa masikio. Weka nukta katikati. Hiyo ndiyo alama. Kaskazini iko juu ya karatasi. Kutoka kushoto, chora mshale unaokwenda kulia na kuishia kwenye nukta. Huo ni upande wa kuingia, na ndege inayoufuata inaelekea mashariki, digrii 090 kwenye dira. Kona ni za kulia, kwa hiyo baada ya nukta ndege inageuka kusini kisha magharibi, na upande wa kutoka, digrii 270, unapita chini ya mshale wako. Sehemu kubwa ya uwanja wa riadha iko kusini-magharibi mwa nukta. Nambari hizi ni za mfano na si za kiwanja chochote.

Jaribu kwanza kuingia vibaya. Ndege inatoka mashariki hasa, ikielekea 270, inafika kwenye nukta. Rubani anafikiri: upande wa kutoka ni 270, nami ninaelekea 270, basi nimeshaingia. Anakwenda dakika moja, kisha anakata kona ya kulia kama alivyoambiwa. Lakini alikuwa juu ya mshale wenyewe, hakuwa chini yake. Kona ya kulia kutoka magharibi humpeleka kaskazini, upana mzima wa kona nje ya uwanja, upande ule mwembamba wa ulinzi. Kama mlima uko huko, hilo ndilo kosa linalomuua. Uelekeo wake kwenye dira ulikuwa sahihi, na mahali alipokuwa palikuwa siko.

Kwa hiyo kuna njia tatu za kuingia, na zote tatu zimetungwa kwa ajili ya hilo moja: kona kubwa ikatwe ukiwa upande wenye ulinzi.

Ya kwanza ni kuingia moja kwa moja. Unafika kwenye nukta, unageuka kulia hadi 270, na tayari uko kwenye mzunguko. Anayetoka magharibi akifuata mshale hana la kufikiri. Anayetoka kaskazini akielekea kusini hulegea sekunde chache baada ya nukta kabla ya kugeuka, ili ajiweke mbali kidogo na mshale na kona ya kurudi imtoshe. Anayetoka kusini-magharibi ana kona ndefu zaidi, lakini nayo humrudisha kunakotakiwa.

Ya pili huitwa tone, kwa kuwa mchoro wake una umbo hilo. Ni ya anayetoka kaskazini-mashariki. Anafika kwenye nukta, na badala ya kushika 270, anaelekea digrii 30 ndani zaidi ya uwanja: 270 ukitoa 30, yaani 240. Anakwenda hivyo dakika moja. Mshazari huo unamweka kusini mwa mshale kwa umbali unaokaribiana na upana wa kona yake, na sasa akikata kulia, kona inammwaga karibu kabisa juu ya mshale, akielekea nukta.

Ya tatu ni sambamba, ya anayetoka kusini-mashariki. Huyu anafika akielekea kaskazini-magharibi, na kona ya kulia ingempeleka mbali kaskazini. Anageuka kushoto hadi 270 na kukimbia sambamba na mshale, kinyume chake, dakika moja. Kisha anakata kushoto tena, kinyume na kona za mzunguko, kwa sababu kushoto kwake ni kusini, na kusini ndiko kwenye ulinzi. Anageuka zaidi ya nusu duara mpaka aukute mshale kutoka chini, anaufuata hadi kwenye nukta, na kuanzia hapo kona zake zote ni za kulia.

Mipaka kati ya njia hizi inachorwa kwa mstari mmoja unaopita kwenye nukta. Mstari huo hauko wima. Kichwa chake kimeinama kulia digrii 20, hivi kwamba pembe yake na mshale ni digrii 70. Wote wanaotoka kushoto kwa mstari huo huingia moja kwa moja, na hao ni nusu ya pande zote za dunia. Kulia kwa mstari, urefushe mshale wako kuelekea mashariki: juu yake ni eneo la tone, lenye digrii 70, na chini yake ni eneo la sambamba, lenye digrii 110. Wanafunzi wengi huzikariri nambari hizo bila kuuliza kwa nini mstari umeinamishwa. Mfikirie anayetoka kusini hasa, akielekea 360. Mstari ungekuwa wima, huyu angekuwa mpakani na angeweza kujaribu kugeuka kulia robo tatu ya duara, na kona hiyo ingetuna kaskazini kwa nusu nzima ya upana wake. Kuinamisha mstari kumemhamishia kwenye sambamba, ambako anageuka kushoto robo duara tu na kutulia.

Angani hakuna karatasi wala muda wa kuchora, kwa hiyo marubani wana mbinu ya kidole gumba. Dira ya ndege imesimama mbele ya rubani, uelekeo wake wa sasa ukiwa juu. Kona zikiwa za kulia, anakilaza kidole gumba cha kulia juu ya dira, kikiwa kimeinuka digrii 20 upande wa kulia. Kisha anatafuta upande wa kutoka, katika mfano wetu 270, uko wapi kwenye dira. Ukiwa juu ya kidole, kulia kwa uelekeo wake, ni tone. Ukiwa juu ya mstari wa kidole lakini kushoto, ni sambamba. Ukiwa chini, anaingia moja kwa moja. Kona zikiwa za kushoto, anatumia gumba la kushoto na kila kitu kinageuka kama kwenye kioo.

Tumwekee rubani wetu kazi. Ana ndege ndogo, noti 90, anaelekea 220 kuiendea alama, ndani ya mawingu. Mwongoza ndege anamwambia asubiri magharibi mwa alama, njia ya kuingia 090, na atarajie ruhusa nyingine saa fulani. Anaiandika na kuisoma tena kwa sauti redioni, kisha anaiangalia dira. 270 iko digrii 50 kulia kwa uelekeo wake, juu ya gumba. Ni tone. Anavuka alama, anabonyeza saa, anageuka kidogo tu kutoka 220 hadi 240, anamwambia mwongoza ndege saa aliyoingia na mwinuko alionao. Dakika ikiisha anakata kulia mpaka sindano ya kituo imwonyeshe kwamba yuko juu ya 090.

Angekuwa anaelekea 330, 270 ingekuwa digrii 60 kushoto, na hiyo ni sambamba. Angekuwa anaelekea 120, 270 iko nyuma yake; moja kwa moja. Je, akifika na 272, mpakani kati ya tone na sambamba? Kanuni zinamwachia digrii 5 kila upande wa mpaka achague apendavyo, na mtu mzima hapotezi muda hapo. Nimewaona wanafunzi waliokokotoa kwa bidii mpaka alama ikawapita chini ya miguu. Hata mamlaka ya anga ya Marekani, katika kitabu chake cha maelekezo kwa marubani, inakiri kwamba njia nyingine za kuingia zinaweza kumbakiza rubani ndani ya eneo la ulinzi. Hizi tatu ndizo inazozipendekeza. Aliyechagua tone pale palipofaa sambamba, akabaki ndani, amefanya kosa la darasani. Aliyechagua sawasawa kisha akakata kona upande usio wenyewe yuko hatarini.

Makosa yanayoonekana hasa ni mengine. Moja ni kusikia "magharibi mwa alama" na kudhani unaambiwa uingie ukielekea magharibi. Mwongoza ndege anataja upande ulipo uwanja, na anayekaa magharibi mwa alama huingia akielekea mashariki. Ndege za kisasa hazimwokoi mtu na kosa hili. Kompyuta yake inachora mzunguko, inachagua namna ya kuingia, na otomatiki inaupita wote bila rubani kugusa usukani. Lakini kompyuta ya Airbus inataka kwanza ijazwe uelekeo wa kuingia kwenye nafasi iliyoandikwa `INB CRS`, na ukiandika 270 badala ya 090 itachora uwanja mzuri sana, upande usio wake. Dawa ni kuutazama mchoro kwenye skrini kabla ya kukubali, na kumuuliza mwenzako: tumeambiwa upande gani?

Kosa la pili ni kufika na mwendo mkubwa. Rubani anatakiwa aanze kupunguza mwendo dakika tatu hivi kabla ya alama. Akisahau, kona yake itakuwa pana kuliko aliyoikusudia mchora ramani, na hapo namna ya kuingia haimsaidii tena.

La tatu ni upepo, na huu hauna mwisho kwa sababu unavuma mzunguko mzima. Turudi kwenye mfano. Upepo wa noti 10 unatoka kusini na kuisukuma ndege kaskazini. Kwa mwendo wa noti 90, rubani anahitaji kuelekeza pua digrii 6 upande wa upepo ili asihame: badala ya 090 anashika 096, na anauona mshale umetulia. Kwenye upande wa kutoka, mtu angedhani atashika 264. Anashika 252, digrii 18, mara tatu ya zile sita. Sababu ni kwamba ndani ya kona hawezi kusahihisha chochote. Anageuka tu na upepo unamchukua. Dakika mbili za kona pamoja na dakika moja ya upande wa kutoka ni dakika tatu za kusukumwa, na zote zinalipwa kwenye dakika ile moja. Upepo ukitoka mbele au nyuma, anachezea saa. Akiona upande wa kuingia umechukua dakika moja na robo, mzunguko unaofuata anakatisha mapema kidogo upande wa kutoka.

Saa hiyohiyo ndiyo humtoa. Tuseme ameambiwa aache alama saa 8:20 kamili ili aende kutua, naye sasa hivi, saa 8:13, ameivuka. Mzunguko mmoja wa dakika nne utamfikisha 8:17, na zitabaki dakika tatu. Kona mbili zinakula dakika mbili, na hazifupishiki. Inabaki dakika moja ya kugawa: nusu dakika kutoka, nusu dakika kuingia. Wenye kompyuta hubonyeza `IMM EXIT`, na ndege inakatisha kona mapema irudi kwenye alama.

Lakini kuna rubani ambaye mzunguko wake wote ulikuwa sahihi, na ndege ikaanguka. Usiku wa tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ya shirika la Avianca, safari namba 52 kutoka Bogota kupitia Medellin, ilikuwa inaelekea uwanja wa Kennedy, New York, ikiwa na watu 158. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na ndege zilikuwa zimejaa pwani yote ya mashariki. Waongoza ndege waliisubirisha mara tatu: kwanza karibu na Norfolk, kisha karibu na Atlantic City, na mwisho kwenye alama iitwayo CAMRN, karibu na New York. Jumla yake ilikuwa saa moja na dakika 17. Kila mara iliingia, ikazunguka, ikatoka kama ilivyoambiwa.

Mafuta ya kusubiri hayatoki hewani. Kwa ndege ya jeti kuna akiba ya mwisho isiyotakiwa kuguswa, nayo kanuni zinaipima kwa kusubiri kwenyewe: dakika 30 za kuzunguka kwenye futi 1,500 juu ya kiwanja. Juu ya akiba hiyo yanakuwepo ya kwenda kiwanja cha pili ikiwa cha kwanza kimefungwa, na juu yake tena ya kusubiri. Kwa hiyo rubani anayeanza kuzunguka anatakiwa awe na nambari moja mkononi: mafuta yakishuka hapa, naondoka, niwe nimeruhusiwa au sijaruhusiwa. Ndiyo maana mwongoza ndege hutoa saa ya kutarajia ruhusa. Rubani anailinganisha na mafuta yake, na kama havipatani anasema mapema, kiwanja cha pili kikiwa bado kinafikika. Kwa anayeelekea Nairobi hicho kinaweza kuwa Mombasa, Kilimanjaro au Entebbe, na kila dakika ya kuzunguka inaufupisha umbali anaoweza kwenda.

Katika mzunguko wa tatu, wahudumu wa Avianca 52 walieleza kwamba wanaweza kusubiri kama dakika tano tu, wakaomba kipaumbele. Boston, kiwanja chao cha pili, hawakuweza tena kukifikia. Waliruhusiwa waende kutua, wakakutana na upepo unaobadilika ghafla karibu na ardhi, wakashindwa kuiona barabara kwa wakati, wakapaa tena kuzunguka kwa jaribio la pili. Redioni walisema mafuta yanawaishia. Hawakutamka neno la dharura. Waongoza ndege, ambao usiku ule walikuwa na ndege nyingi zenye haraka, waliwapanga kwenye foleni ya kawaida. Injini zilizimika moja baada ya nyingine na ndege ikaanguka Cove Neck, Long Island. Watu 73 walikufa. Moto haukuwaka, kwa kuwa hapakuwa na cha kuwaka.

Wachunguzi wa Marekani waliwalaumu wahudumu kwa kutosimamia mafuta yao na kutotangaza dharura, na wakataja pia upangaji mbovu wa ndege na ukosefu wa maneno ya pamoja kuhusu mafuta. "Kipaumbele" kwa rubani aliyezungumza Kihispania nyumbani kilikuwa na uzito ambao mwongoza ndege wa New York hakuusikia.

Maneno hayo leo yapo. Tangu 2012 kanuni za kimataifa zimeweka hatua mbili. Ya kwanza, rubani anatangaza mafuta ya kiwango cha chini: maana yake amefungamana na kiwanja kimoja, na ucheleweshaji wowote zaidi huenda ukamfikisha kwenye akiba ya mwisho. Hiyo bado si dharura, na haimpi haki ya kuruka foleni. Ya pili, akikokotoa kwamba atatua na mafuta pungufu ya zile dakika 30, anatoa wito wa dharura mara tatu na kuufuatisha neno mafuta. Akishausema, hapangwi tena nyuma ya mtu. Kanuni inamtaka autoe pale hesabu inapoonyesha, ndege ikiwa bado inazunguka kwa raha, injini zote zikinguruma na abiria wakiwa wamekereka tu kwa kuchelewa.